Sita ya Huyu si Sita ya Yule: Tunavyosahihisha Ufahamu

Jioni moja muhula uliopita, mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia mlangoni na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa ya binti yake, ya pili ya mtoto wa dadake anayemlea. Wote wawili wako gredi ya saba, na wote wawili walikuwa wamepata sita juu ya kumi katika ufahamu.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa watoto si sawa. Binti yangu husoma kutwa. Huyu mwengine hata kitabu hafungui, lakini maneno yake ni ya mtu mzima. Imekuwaje wakatoka sita kwa sita?"

Karatasi hizo nilikuwa nimezisahihisha mimi. Nikamkaribisha, tukaziweka mezani, nikazipitia upya swali baada ya swali. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kwamba nilijumlisha vitu vitatu tofauti nikaviita kitu kimoja.

Kifungu chenyewe nilikitunga mwenyewe, kifupi makusudi:

"Mzee aliamka kabla ya alfajiri akaenda ufukoni. Aliutazama upepo, akalivuta shati lake kifuani, kisha akaketi juu ya ngalawa yake iliyopinduliwa. Vijana wawili walimpita wakisukuma mashua yao majini. 'Mzee, leo huendi?' mmoja aliuliza akicheka. Mzee hakujibu. Alichukua uzi na sindano akaanza kushona wavu wake. Ilipofika saa tano, mtaa mzima ulikuwa ufukoni ukitazama baharini, na Mzee alikuwa wa kwanza kuishusha ngalawa."

Maswali yalikuwa matano, kila moja alama mbili. La kwanza: taja mambo mawili aliyoyafanya Mzee kabla ya kuketi. La pili: ni nani waliompita, nao walikuwa wakifanya nini? La tatu: kwa nini Mzee hakwenda baharini asubuhi ile? La nne: unafikiri vijana walipatwa na nini? La tano: je, Mzee alifanya vyema kunyamaza? Toa sababu.

Maswali haya hayapimi kitu kimoja. Njia rahisi ya kuyatenga ni ile ninayoiita ya kidole. Ukiweza kuweka kidole juu ya sentensi ukasema "jibu ni hili hapa", hilo ni swali la wazi, kama la kwanza na la pili. Ikiwa jibu halikuandikwa popote, lakini kuna maneno mawili matatu ambayo ukiyaunganisha yanakuongoza kwenye jibu, hilo ni swali la dokezo, kama la tatu na la nne. Na ikiwa watu wawili waliosoma vizuri wanaweza kutofautiana na wote wakawa na haki, hilo ni swali la maoni, kama la tano. Wataalamu wana ngazi zaidi ya hizi. Mmarekani Thomas Barrett, katika miaka ya 1960, alizipanga tano. Kwa darasa la kawaida hizi tatu zinatosha.

Usidanganyike na maneno ya swali. "Kwa nini" si lazima liwe dokezo. Lau kifungu kingesema "Mzee hakwenda kwa sababu upepo ulikuwa mkali", swali langu la tatu lingekuwa la wazi, jibu ni la kunakili tu. Vilevile "unafikiri" katika swali la nne halikulifanya kuwa la maoni. Sikuuliza mtoto anapenda vijana wapatwe na nini. Niliuliza kifungu kinatuelekeza wapi. Walimu wengi tunateleza hapo: tukiona "unafikiri" tunakubali lolote lililoandikwa.

Sasa tuzitazame karatasi. Binti alitaja kuutazama upepo na kulivuta shati, akapata mbili. Akaandika "vijana wawili wakisukuma mashua yao majini", akapata mbili nyingine. Maswali ya wazi alama nne juu ya nne. Alipofika la tatu, kwa nini Mzee hakwenda, aliandika: "Mzee hakujibu." Nilipomuuliza baadaye aliitoa wapi, alinionyesha: alitafuta neno la swali, akalipata "huendi", akanakili sentensi inayofuata. Hapo alipata sufuri. La nne aliandika "walipata shida baharini" bila kusema amejuaje, nikampa moja. La tano aliandika kwamba Mzee alikosea kwa sababu mtu akiulizwa hujibu. Hiyo ni sababu, lakini haikutoka kwenye kifungu, nikampa moja. Jumla sita.

Mvulana alikuwa kinyume chake. Katika la kwanza aliandika kwamba Mzee aliutazama upepo, na kwamba aliswali. Mtu akiamka kabla ya alfajiri kwetu huku, mtoto anajua atakachofanya. Lakini kifungu hakikusema, na swali liliuliza kilichosemwa, kwa hivyo alipata moja. La pili akaandika "vijana wawili wakienda kuvua". Kifungu kinasema wakisukuma mashua, kuvua amekuongeza yeye. Moja tena. La tatu akaandika kwamba Mzee aliona upepo ni mbaya, kwani aliutazama kisha akaketi badala ya kushuka. La nne akaandika kwamba vijana waliingia hatarini, kwa sababu mtaa mzima ulikuja kutazama baharini na Mzee akashusha ngalawa aliyokuwa haiendeshi asubuhi. Maswali ya dokezo alama nne juu ya nne. La tano: "Alifanya vyema. Namuunga mkono kabisa." Sufuri. Jumla sita.

Kwa hivyo sita ya binti ni nne, moja, moja. Sita ya mvulana ni mbili, nne, sufuri. Binti anayaona maneno lakini hayaunganishi. Mvulana anayaunganisha upesi mno, hata yale ambayo hayamo. Ukiwapa wote wawili mazoezi yale yale, hakuna hata mmoja utakayemsaidia.

Tangu siku hiyo, mwongozo wangu wa kusahihisha una safu tatu, na kila safu ina kanuni yake.

Safu ya wazi ina jibu lipo au halipo. Nikitaka mambo mawili na mtoto akaorodhesha matano, nasahihisha mawili ya mwanzo tu, la sivyo nitakuwa namzawadia aliyenakili kifungu kizima akitumaini jibu limo. Na jambo la kweli ambalo halimo kwenye kifungu halipati alama, hata likiwa la kweli namna gani.

Safu ya dokezo nimeigawa: alama moja ya jibu, alama moja ya ushahidi. Anayesema "upepo ulikuwa mbaya" pekee amepata moja. Akiongeza "aliutazama akaketi", amepata mbili. Mgawo huu unatenganisha aliyebahatisha na aliyesoma. Unasaidia pia kwa yule anayevuka mpaka. Watoto kadhaa waliandika kwamba vijana walikufa maji. Kifungu hakifiki huko. Kinatupeleka kwenye hatari na kutuacha hapo. Alama ya jibu hawakuipata, lakini waliotaja watu ufukoni na ngalawa iliyoshushwa niliwapa ile ya ushahidi.

Safu hii ndiyo inayotaka mwalimu awe mwangalifu zaidi, kwani dokezo laweza kuzaa zaidi ya jibu moja. Mtoto mmoja aliandika kwamba Mzee hakwenda kwa sababu wavu wake ulikuwa umeraruka, ndiyo maana akaushona. Nilimkata mara ya kwanza, kwa kuwa mwongozo wangu ulikuwa na jibu la upepo tu. Niliposoma tena, sikuona sentensi inayompinga, na ushahidi ameuleta. Nikamrudishia zote mbili, nikaliandika jibu hilo kwenye mwongozo, na nikazirudia karatasi zote nilizokwisha kuzipitisha. Ukibadilisha mwongozo katikati ya rundo, lazima urudi mwanzo wa rundo.

Safu ya maoni ndiyo yenye majaribu. Msimamo wenyewe haupati kitu: kusema "alifanya vyema" au "alikosea" ni sufuri. Alama moja ni ya sababu, moja ni ya kuifunga sababu hiyo na kifungu. Anayesema Mzee alikosea, kwa kuwa aliuona upepo na bado akawaacha vijana washuke, apate mbili. Anayesema alifanya vyema, kwa kuwa kijana aliuliza akicheka na hakuonekana kutaka kusikia, apate mbili vilevile. Mimi binafsi naona Mzee alikosea. Kwa sababu hiyohiyo, mwanafunzi anayemtetea ndiye ninayemsoma mara mbili.

Kuna na safu ya nne, iko pembeni: lugha. Watoto wetu huandika wanavyosema, Kimvita, Kiamu au Kigiriama kikiingia kati. Katika mtihani wa kidato cha nne, ambapo ufahamu una alama 15 kati ya 80 za karatasi ya pili, makosa ya sarufi na hijai hukatwa, na hatuwezi kuwaficha watoto hilo. Lakini mtoto aliyeandika "kuya" badala ya "kuja" hajaonyesha kwamba hakuelewa kifungu. Kwa hivyo darasani nasahihisha kuelewa kwanza, kisha narudi kuhesabu makosa ya lugha kando, mzazi ayaone yote mawili bila moja kulimeza jingine.

Njia hii ina mipaka. Alama nne za dokezo kwenye kifungu kimoja ni chache. Mtoto asiyewahi kuona ngalawa huenda akakosa dokezo la upepo kwa kutoijua bahari, si kwa kutojua kusoma. Ndiyo maana sitoi hukumu mpaka nione safu zile zile kwenye vifungu vitatu, na kimoja kati yavyo kisihusu bahari kabisa.

Yule mama nilimpa kazi mbili za nyumbani. Binti, kila akijibu swali la kwa nini, aulizwe "umejuaje?" na atoe maneno mawili kutoka kwenye kifungu. Mvulana, kila akijibu, aulizwe "iko wapi?" na aweke kidole. Kwa swali la maoni, wote wawili waulizwe maswali yote mawili.

Mama akazikunja karatasi zake, akacheka. "Kwa hivyo huyu wangu amuulize yule iko wapi, na yule amuulize huyu umejuaje." Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Kwenye karatasi za muhula huu, binti ameandika ushahidi katika swali moja la dokezo kati ya mawili. Mvulana bado ananiongezea mambo.