Kwa Nini Emoji Hugeuka Kisanduku: Fonti za Rangi na Programu za Zamani

Muuzaji anaweza kukutumia orodha ya bei ambamo duara la kijani lina maana kwamba bidhaa ipo, na duara jekundu kwamba imekwisha. Kwenye simu mpya orodha hiyo husomeka bila shida. Ikifunguliwa kwenye kompyuta ya zamani, duara jekundu laweza kuonekana jeusi, na lile la kijani likawa kisanduku kitupu. Mnunuzi anayebahatisha maana yake aweza kulipia kitu ambacho hakipo.

Emoji katika ujumbe haisafiri kama picha. Kinachotumwa ni namba: duara jekundu ni U+1F534 na la kijani ni U+1F7E2. Kifaa kinachopokea hutafuta mchoro wa namba hiyo ndani ya fonti, yaani faili linalohifadhi maumbo ya herufi na alama.

Fonti ya kawaida huhifadhi umbo tu, na programu hulijaza rangi moja. Fonti ya rangi huongeza ama picha ndogo zilizokwisha kutiwa rangi, ama tabaka kadhaa za umbo, kila tabaka na rangi yake. Kampuni za Apple, Google na Microsoft zilibuni kila moja njia yake ya kuhifadhi rangi hizo, na programu iliyoundwa kabla ya njia hizo haiwezi kuzisoma.

Kasoro yenyewe hudhihirisha chanzo chake. Alama ikiwa nyeusi, umbo limepatikana lakini huenda programu haikusoma rangi. Pakiwa na kisanduku, fonti iliyopo haina alama hiyo. Duara jekundu liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Unikodi mwaka 2010, ilhali la kijani liliingizwa mwaka 2019. Hivyo fonti ya kati ya miaka hiyo huweza kuwa na la kwanza na kukosa la pili. Pakibaki pengo tupu, huenda fonti ina picha za rangi pekee, bila umbo la kawaida ambalo programu ya zamani ingelitumia.

Usifute visanduku hivyo, kwa kuwa namba zake bado zimo. Nakili maandishi na uyabandike katika programu mpya zaidi, au uyapeleke kwenye simu nyingine. Alama zikionekana sawasawa, ujumbe hauna kasoro. Kinachohitaji kusasishwa ni programu ya kwanza au mfumo wa kompyuta. Kuongeza fonti mpya peke yake hakutarudisha rangi katika programu isiyoweza kuzisoma.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike kwa maneno, “ipo” au “imekwisha”, kando ya kila bidhaa. Maneno hayo husomeka hata pale ambapo rangi hazionekani.