Beti Nne za Maji ya Ziwa Viktoria

Mtoto wa darasa la tano anaweza kukariri shairi la mzunguko wa maji neno kwa neno, akapigiwa makofi, na bado akaondoka na uongo mtupu kichwani. Kosa si lake. Ni la mtunzi aliyekimbizana na vina akaiacha jiografia nyuma. Nililigundua hilo nilipoombwa kutunga shairi la kughaniwa na darasa moja kando ya Ziwa Viktoria, na mistari yangu ya kwanza ikawa mitamu masikioni lakini si ya kweli.

Umbo nililolichagua ni tarbia, yaani mistari minne kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Kina cha kati ni kile kile katika beti zote, na cha mwisho hubadilika kila hatua ya safari ya maji inapobadilika. Kibwagizo nilikiweka kando na mpango huo, kwa kuwa kina kazi yake. Shairi lilitoka hivi:

Jua lapiga majini, mvuke yanageuka,
Si kama chai jikoni, hayangoji kuchemka,
Huoni kitu hewani, mvuke ukiondoka,
Maji yaendayo juu, ndiyo yarudiyo chini.

Hewa yapanda angani, huko juu ni baridi,
Chembe za vumbi hewani, mvuke wapiga hodi,
Wingu matone laini, yasiyo hata idadi,
Maji yaendayo juu, ndiyo yarudiyo chini.

Matone humo winguni, hugongana yaungana,
Yakiwa mazito ndani, upepo nguvu hauna,
Mvua hiyo ziwani, usiku hata mchana,
Maji yaendayo juu, ndiyo yarudiyo chini.

Nyingine huko bondeni, yatiririka Kagera,
Hupenya na udongoni, visima viwe imara,
Kesho jua li angani, laanza tena duara,
Maji yaendayo juu, ndiyo yarudiyo chini.

Katika rasimu ya kwanza ubeti wa kwanza ulianza hivi: "Jua layanyonya maji." Mizani ni nane kamili, lakini jua halina mdomo. Linachofanya ni kuyapa maji joto, na chembe za maji zilizo juu kabisa zikipata nguvu ya kutosha huponyoka moja moja na kuingia hewani. Ndiyo maana nguo hukauka kwenye kamba hata siku ya baridi, na ndiyo maana ya mstari wa chai: maji hayasubiri nyuzi 100 ili yageuke mvuke. Mwalimu anayetaka ushahidi aweke maji ya chumvi kwenye sahani juani. Jioni maji yamekwenda, chumvi imebaki. Hivyo mvua huwa maji baridi hata pale mvuke wake ulipotoka baharini.

Ubeti wa pili ndio ulionitoa jasho. Nilikuwa nimeandika "Wingu lajaa mvuke," na wengi wangeupitisha mstari huo. Lakini mvuke hauonekani, na wingu tunaliona. Tazama birika linalochemka: karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi tupu, kisha mbele kidogo kunatokea kile kiitwacho moshi mweupe. Ile nafasi tupu ndiyo yenye mvuke. Kile cheupe ni matone madogo mno, mvuke uliokwisha kupoa. Mbinguni mambo ni hayo hayo. Hewa inayopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa, takribani nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja kabla wingu halijaanza. Ikipoa vya kutosha, mvuke hutafuta pa kushika, na pa kushika ni chembe ya vumbi, ya moshi au ya chumvi. Nilipopata "wapiga hodi" nilifurahi mara mbili, kwa ajili ya kina na kwa ajili ya ukweli.

Ubeti wa tatu una mtego wa zamani: "Mawingu yakigongana" mvua hunyesha. Watu wazima husema hivyo kila siku. Kinachogongana ni matone yaliyo ndani ya wingu. Tone la wingu lina upana wa kama sehemu mbili za mia za milimita, na tone la mvua la kawaida lina milimita mbili hivi. Upana umezidi mara 100, kwa hiyo ujazo umezidi mara 1,000,000. Matone milioni ya wingu lazima yaungane ili tone moja likuangukie puani. Yakiwa bado madogo, hewa inayopanda huyabeba. Yakishakuwa mazito, hewa haiyawezi tena. Kwenye mawingu marefu sana, sehemu ya juu huwa barafu, nayo huyeyuka njiani ikiteremka. Hilo nililiacha nje, kwani ubeti mmoja hautoshi mambo yote.

Katika ubeti huo huo ningeweza kuandika "mvua yanya," kitenzi cha kale na sahihi. Niliwafikiria watoto 40 wakilitamka mbele ya wazazi wao, nikasikia kicheko kabla hakijatokea. Nikaandika "mvua hiyo."

Kuhusu "usiku hata mchana," hapo ndipo Ziwa Viktoria linapotofautiana na michoro ya vitabuni. Vitabu huonyesha maji yakitoka baharini, wingu likisafiri hadi mlimani, mvua ikinyesha, mto ukirudi. Ziwa hili hulishwa zaidi na mbingu iliyo juu yake lenyewe: takribani sehemu nne kati ya tano za maji yanayoingia ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya ziwa. Mito yote, Kagera ikiwemo, huleta iliyobaki. Na sehemu kubwa ya yanayotoka hupaa juu, huku Nile ikichukua salio pale Jinja. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo hewa hutiririka kutoka pande zote kwenda ziwani, hukutana katikati na kupanda. Ndiyo radi wanazoziogopa wavuvi wa usiku. Mchana upepo hugeuka, na mawingu hujengeka nchi kavu.

Mtoto mmoja aliuliza kwa nini Bukoba hupata mvua nyingi kuliko Mwanza, ilhali zote ziko ziwani. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza nusu yake hivi. Jibu ni upepo. Mara nyingi huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, hivyo hewa inayofika Bukoba imevuka ziwa zima na kubeba mvuke njia nzima.

Jibu hilo linaonyesha pia mpaka wa kibwagizo changu. Maji yaendayo juu hurudi chini kweli, lakini hayakuahidi kurudi pale yalipotoka. Mvuke uliotoka mbele ya Mwanza waweza kuwa mvua ya Bukoba.

Siku ya kughani tuliligawa darasa makundi manne, kila kundi ubeti wake, na kibwagizo kikaimbwa na wote. Kila kundi lilipewa kitenzi kimoja cha kutetea kabla ya kuruhusiwa kughani: yanageuka, wapiga hodi, yaungana, yatiririka. Kundi la pili lilileta birika.