Valvu ya Chini ya Sinki

Valvu ndogo ya nusu inchi, ikiwekwa kati ya bomba la ukutani na mpira wa koki, humwezesha fundi kubadilisha koki ya sinki huku maji yakiendelea kutoka kwingineko nyumbani. Kuiweka hudai maji yote yafungwe mara moja. Penye tangi la juu, kufunga mita hakutoshi. Hufungwa pia njia inayoshuka kutoka kwenye tangi. Nyuzi za valvu zinazoingia ukutani huzungushiwa tepu nyeupe kuelekea upande wa kukazia, la sivyo hufumuka. Upande wa mpira hauhitaji tepu, kwa kuwa washa ndiyo inayoziba. Kuukaza kupita kiasi huikata. Maji yakifunguliwa, karatasi kavu ikipitishwa kwenye maungio huonyesha hata uvujaji mdogo.