Siku Tano za Diwali

Katika nyumba ya Wahindu wa Gujarati, nchini India, Diwali hutanguliwa na usafi wa nyumba nzima: makabati huhamishwa, vyombo husuguliwa, vitu vibovu hutupwa. Huaminika kwamba Lakshmi, mungu wa kike wa neema, huingia penye usafi na mwanga.

Siku ya kwanza, Dhanteras, watu hununua dhahabu, fedha au chombo kipya. Ya pili, Kali Chaudas, ni ya kufukuza mabaya. Ya tatu, usiku wa mwezi mwandamo usioonekana, ndiyo Diwali yenyewe: Lakshmi huabudiwa na taa huwashwa. Ya nne ni mwaka mpya wa Kigujarati. Ya tano, Bhai Bij, kaka hula kwa dada yake.

Taa mpya za udongo hulowekwa majini kwa saa kadhaa, kisha hukaushwa. Zisipolowekwa, udongo hunywa mafuta na utambi wa pamba huzima mapema. Mlangoni, unga wa rangi hudondoshwa kwa vidole kufuata safu za nukta, hadi ua la rangoli litimie. Jikoni hukaangwa ghughra, vitafunio vya nusu mwezi vilivyojazwa semolina, nazi, sukari na iliki.