Vichwa Saba, Mienge Mitatu

Nina shilingi moja ya zamani, ile yenye kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Jioni moja niliirusha mara 10 juu ya mkeka, nikaandika kila ilivyolala: kichwa, kichwa, mwenge, kichwa, kichwa, mwenge, kichwa, kichwa, mwenge, kichwa. Vichwa 7, mienge 3. Jirani aliyekuwa akitazama akasema papo hapo, "Hiyo shilingi inapendelea kichwa." Mimi nikamwambia bahati tu. Hatukuafikiana, na kusema kweli hakuna kati yetu aliyekuwa na sababu ya maana.

Tuuweke ubishi wetu vizuri. Kila sarafu ina tabia yake, yaani katika mirusho mingi sana, sehemu fulani itaangukia kichwa. Sehemu hiyo tuiite p. Sarafu isiyopendelea upande ina p = 0.5. Inayopendelea kichwa ina p iliyozidi hapo. Tabia hii haionekani kwa macho wala haipimwi kwa mizani. Tunachokiona ni vichwa na mienge tu.

Ukishaijua p, kutabiri mirusho ni kazi nyepesi. Mrusho mmoja hauna habari na uliotangulia, kwa hiyo uwezekano wao unazidishwa. Sarafu isiyopendelea itatoa mfululizo ule wangu kwa uwezekano wa nusu mara nusu mara nusu hadi mara kumi, yaani 1 katika 1,024. Lakini mimi na jirani tulikuwa upande wa pili wa mto. Mirusho tulikuwa nayo tayari, p ndiyo tuliyoitafuta.

Hapo ndipo Mwingereza Ronald Fisher alipoingia. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, aliandika makala fupi iliyoibeba fikra hii, na mwaka 1922 akaipa jina na umbo linalofundishwa hadi leo. Alisema tusiulize mara moja p ni ngapi. Tuchukue kila p inayowezekana, moja baada ya nyingine, na kila moja tuiulize: kama wewe ndiwe ungekuwa tabia ya sarafu hii, ungeyatoa matokeo haya kwa uwezekano gani? Jibu la kila p ndilo nitakaloliita uelekeo wake, kwa maana ile ya mtu anayetazama wingu na kusema yaelekea mvua itanyesha. Kisha tuichague p yenye uelekeo mkubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo mbinu ya uelekeo wa juu kabisa.

Tuifanye kwa mirusho yangu. Vichwa 7 na mienge 3 vinatoa hesabu hii:

```
L(p) = p^7 × (1 - p)^3
```

Majibu yake ni madogo sana, basi tuyahesabu kwa sehemu za milioni. Nikiweka p = 0.5 napata 977. Kwa 0.6 napata 1,792. Kwa 0.7 inapanda hadi 2,224. Kwa 0.8 imeshaanza kushuka, 1,678, na kwa 0.9 imeporomoka hadi 478. Ukiichora kwenye karatasi utapata kilima, na kilele chake kiko 0.7 kamili. Aliyesoma hisabati ya kidato cha tano anaweza kukifikia bila kujaribu namba mojamoja: anachukua logarithimu ya L, anatafuta mahali mteremko wake unapokuwa sifuri, na anakuta kwamba lazima 7/p iwe sawa na 3/(1 - p). Hapo p ni 0.7.

Mama anayeuza vitumbua angenipa jibu hilohilo bila logarithimu: saba katika kumi. Ni kweli, na kwa sarafu itakuwa hivyo daima, vichwa kugawanya kwa mirusho. Ila yeye angekuwa na kilele peke yake, nasi tunacho kilima kizima. Umbo la kilima ndilo litakalotuamulia ubishi.

Kabla ya hapo, kuna kosa moja ninaloliona hata kwa watu wenye shahada. Mtu anakuta kilele kiko 0.7, anatangaza kwamba "kuna uwezekano mkubwa p ni 0.7." Hatukuhesabu hilo. Tulihesabu uwezekano wa mirusho endapo p ni 0.7, na hayo ni mambo mawili. Dalili iko wazi: uwezekano wa mambo yote ukiujumlisha lazima ufike 1, lakini eneo lote lililo chini ya kilima chetu ni 1 ya 1,320 tu. Uelekeo ni kitu cha kulinganisha p moja na nyingine, na peke yake hausemi lolote. Anayetaka uwezekano wa p yenyewe itambidi kwanza aseme aliamini nini kabla ya kurusha, na hiyo ni njia nyingine.

Tena mbinu hii haina haya. Rusha sarafu mara 3, vije vichwa 3, itakwambia p ni 1, yaani sarafu hii haitaangukia mwenge hadi kiama. Ukiiuliza italeta kilele, hata kama kilima chenyewe ni tambarare na ungeweza kusimama popote.

Basi namba yangu, 0.7, iko mbali na 0.5 kwa macho. Je, iko mbali kwa uzito?

Nimlete mtu wa pili. John Kerrich alikuwa mwalimu wa hisabati aliyetoka Afrika Kusini. Aprili 1940 alikuwa Denmaki akiwatembelea wakwe zake, majeshi ya Ujerumani yakaivamia nchi, naye akafungiwa kambini Hald, huko Jutland. Siku za kambini ni ndefu. Akiwa na mwenzake alirusha sarafu mara 10,000, akiandika kila mrusho, na baada ya vita akayachapisha matokeo. Vilikuja vichwa 5,067. Kilele cha kilima chake kwa hiyo kiko 0.5067.

Sasa jiulize kabla ya kusoma mbele: sarafu ipi inatia shaka zaidi, yangu yenye 0.7 au yake yenye 0.5067?

Dawa ililetwa na Mpolandi Jerzy Neyman pamoja na Egon Pearson wa London, katika makala zao za mwaka 1928 na 1933. Wapime wapinzani wawili kwenye kilima kimoja. Mmoja ni p tunayoibishia, 0.5. Wa pili ni kilele, yaani p iliyofanya vizuri kuliko zote. Gawanya uelekeo wa kilele kwa uelekeo wa 0.5. Kwangu ni 2,224 kwa 977, kama 2.28. Kwa maneno mengine, hata ile p inayoyapenda matokeo yangu kuliko zote inayaeleza mara mbili na kidogo tu kuliko sarafu isiyopendelea.

Kumbuka kwamba kilele hakiwezi kushindwa, maana kimechaguliwa baada ya matokeo kujulikana. Uwiano utakuwa 1 au zaidi kila siku, hata kwa sarafu safi kabisa. Kwa hiyo tunachouliza ni kama kimeshinda kwa kiasi ambacho bahati pekee isingekipa kwa urahisi.

Mwaka 1938 Mmarekani Samuel Wilks alionyesha namna ya kujua. Chukua logarithimu asilia ya uwiano huo, uizidishe kwa 2. Kama 0.5 ndiyo kweli na mirusho ni mingi, namba utakayopata inafuata mgawanyo unaojulikana, ule wa kai-mraba, na itavuka 3.84 mara 5 tu katika kila 100. Ikivuka, tunaitupa 0.5. Isipovuka, tunaiacha. Hili ndilo jaribio la uwiano wa uelekeo.

Kwangu: logarithimu ya 2.28 ni kama 0.82, mara mbili ni 1.65. Haijavuka. Jirani hana kesi. Si kwamba tumethibitisha sarafu ni safi, bali mirusho 10 haitoshi kuishtaki.

Ningekuwa nimerusha mara 100 nikapata vichwa 70, kilele kingebaki palepale 0.7, lakini kilima kingekuwa chembamba kama mnara. Uwiano ungekuwa kama 3,745, na namba ya jaribio ingefika 16.5. Hapo ningemwomba jirani radhi.

Na Kerrich? Uwiano wake ukipigiwa hesabu unatoa 1.80. Ndiyo, tofauti yake ndogo ya 0.0067 ina uzito unaokaribia sawa na tofauti yangu ya 0.2, na kwa unywele inauzidi. Mirusho yake elfu kumi imekifanya kilima kuwa chembamba kiasi kwamba hatua ndogo kutoka kileleni ni mteremko mkali. Hata hivyo 1.80 haifiki 3.84, na sarafu ya Hald inaachiwa huru.

Anayetaka kuirudia hesabu ya Kerrich kwa kompyuta asizidishe uelekeo wenyewe. Nusu ikizidishwa mara 10,000 inakuwa namba yenye sifuri zaidi ya 3,000 baada ya nukta, na kompyuta itaiandika 0, kisha itakataa kugawanya. Ajumlishe logarithimu tangu mwanzo:

```
2 * (5067*log(0.5067/0.5) + 4933*log(0.4933/0.5))
```

Limebaki lile neno la Wilks, "mirusho ni mingi", ambalo watu hulisahau. Tuseme ningepata vichwa 8 katika 10. Namba ya jaribio ingekuwa 3.85, imevuka mstari kwa kidole kimoja, na mtu mwenye haraka angetangaza kwamba sarafu imepatikana na hatia. Lakini kwa mirusho 10 tunaweza kuhesabu bila makadirio yoyote: sarafu isiyopendelea hutoa vichwa 8 au zaidi, au 2 au pungufu, mara 112 katika 1,024, yaani karibu mara 11 katika 100. Jaribio lililoahidi kuwaonea wasio na hatia mara 5 linawaonea zaidi ya maradufu. Kwa mirusho michache, hesabu kamili ndiyo ya kuaminiwa, wala haichukui muda.

Mirusho ikifika 100 makadirio yanakaa vizuri zaidi. Vichwa 59 vinatoa 3.26, na vichwa 60 vinatoa 4.03, sarafu safi hufika 60 au zaidi, au 40 au pungufu, kiasi cha mara 5.7 katika 100. Kwa hiyo ukiwa na shilingi usiyoiamini, irushe mara 100 leo jioni na uandike kila mrusho. Vichwa vikiwa kati ya 41 na 59, irudishe mfukoni.