Sifuri juu, sifuri chini: kigawo kilichojificha

Nazi ikidondoka kutoka kwenye mnazi mrefu, mita 19.6 juu ya ardhi, hufika chini baada ya sekunde 2, tukiacha kando upinzani wa hewa. Mwendo wa wastani ni rahisi kuupata: mita 19.6 kugawanya kwa sekunde 2 ni mita 9.8 kwa sekunde. Lakini anayepita chini ya mnazi hajali wastani. Anataka kujua nazi ina kasi gani pale pale inapogonga, na pale pale hakuna umbali wala muda wa kugawanya. Umbali ni sifuri, muda ni sifuri, na sifuri kwa sifuri haigawanyiki.

Njia ya kutoka hapo ni kutazama vipande vifupi vya safari vinavyoishia kwenye sekunde ya 2. Kitu kinachoanguka huwa kimeshuka mita 4.9t² baada ya sekunde t. Katika sekunde nzima ya mwisho, kutoka 1 hadi 2, nazi hushuka mita 14.7, kwa hiyo wastani wake ni mita 14.7 kwa sekunde. Tukianzia sekunde 1.9, wastani ni 19.11. Tukianzia 1.99, ni 19.551. Tukianzia 1.999, ni 19.5951. Namba zinapanda na kusogea mahali fulani karibu na 19.6. Mahali hapo namba zinaposogea ndipo wanahisabati wanapopaita kikomo.

Jedwali linatupa fununu tu. Uhakika tunaupata kwenye aljebra. Wastani wa kasi kutoka sekunde t hadi sekunde ya 2 ni

(4.9t² − 19.6) / (t − 2)

Ukiweka 2 mahali pa t mara moja, unapata 0/0. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika kwamba jibu ni sifuri, au kwamba jibu halipo. Yote mawili si kweli. Alama ya 0/0 haijasema lolote kuhusu jibu. Imesema jambo moja tu kuhusu sehemu uliyoiandika, kwamba juu na chini kuna kitu kile kile kinachogeuka sifuri t inapokuwa 2. Na katika semi za namna hii, zenye vipeo vya t vilivyojumlishwa na kutolewa, tunakijua kitu hicho kwa jina. René Descartes alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1637: usemi wa aina hiyo ukitoa sifuri unapoweka namba a, basi (t − a) ni kigawo chake, bila kosa. Hapa a ni 2, kwa hiyo (t − 2) lazima imo ndani ya 4.9t² − 19.6. Tunachotakiwa ni kuitoa:

4.9t² − 19.6 = 4.9(t² − 4) = 4.9(t − 2)(t + 2)

Sasa (t − 2) ya juu inakatana na ya chini, inabaki 4.9(t + 2). Weka 2, unapata 19.6. Nazi inagonga ardhi kwa mita 19.6 kwa sekunde, zaidi kidogo ya kilomita 70 kwa saa.

Msomaji makini atauliza: tumekata kwa (t − 2) tukisema si sifuri, kisha tukaweka 2 tukaifanya sifuri. Je, si kujipinga? Swali hili ni zito, na lilipata msemaji mkubwa. Mwaka 1734 askofu George Berkeley wa Ireland aliandika kitabu kizima, The Analyst, akiwashutumu wafuasi wa Newton kwa kufanya hivyo hasa: kugawanya kwa kiasi kidogo, kisha kukitupa kana kwamba hakikuwepo. Alikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeweza kumjibu sawasawa. Jibu lilianza kuwa wazi kwa Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, aliyekifanya kikomo kuwa msingi katika kitabu chake cha mwaka 1821. Kikomo hakiulizi kinachotokea t ikiwa 2. Kinauliza namba zinaelekea wapi t inapoikaribia 2, na katika kukaribia huko t haiwi 2 hata mara moja. Hivyo kukata ni halali kila hatua ya njia. Kisha, kwa kuwa 4.9(t + 2) haina mruko wala pengo lolote pale kwenye 2, namba yake pale ni ile ile ambayo majirani wake wanaielekea. Semi mbili zinalingana kila mahali isipokuwa nukta moja, na nukta hiyo kikomo hakiitazami.

Kipeuo cha pili kinapoingia, kigawo hujificha kwa namna nyingine. Chukua sakafu ya mraba yenye eneo la mita za mraba x. Upande wake ni √x. Sakafu ya mita za mraba 9 ina upande wa mita 3. Eneo likiongezeka kidogo, upande unaongezeka kwa kiwango gani? Tunatafuta kikomo cha

(√x − 3) / (x − 9)

x inapoikaribia 9. Tena ni 0/0, lakini juu hakuna mabano ya kufungua kwa macho. Tunatumia kanuni ya tofauti ya miraba: (p − q)(p + q) ni p² − q². Mwenza wa √x − 3 ni √x + 3, usemi ule ule wenye ishara iliyogeuzwa katikati. Ukizidisha juu na chini kwa mwenza huyu, thamani ya sehemu haibadiliki, na juu kipeuo kinatoweka:

(x − 9) / [(x − 9)(√x + 3)]

Kigawo kimejitokeza chenyewe. Kinakatwa, inabaki 1/(√x + 3), na kikomo ni 1/6. Maana yake ni kwamba, karibu na mita za mraba 9, kila mita ya mraba inayoongezwa hurefusha upande kwa takriban sentimita 16.7. Kwa kulinganisha, sakafu ya mita za mraba 10 ina upande wa mita 3.162, yaani imeongezeka sentimita 16.2.

Kosa linaloonekana sana hapa ni kuzidisha pia mabano ya chini. Mwanafunzi anafungua (x − 9)(√x + 3), anapata semi nne zilizosambaa, na kigawo alichokihangaikia kimezama tena. Upande wenye kipeuo ndio wa kuzidishwa hadi mwisho. Ule mwingine uachwe ndani ya mabano yake.

Kipeuo kinafundisha jambo lingine ambalo ni la lazima kwa yeyote anayeamini kikokotoo peke yake. Tuseme kikokotoo chako kinabeba tarakimu 10. Weka x = 9.00000001 katika sehemu ya kwanza. Kipeuo chake ni 3.0000000016667, lakini kwa tarakimu 10 kinakuwa 3.000000002. Toa 3, gawanya kwa 0.00000001, unapata 0.2. Jongea zaidi, weka 9.000000001: kipeuo kinakuwa 3 kamili, na jibu ni 0. Unavyozidi kukaribia ndivyo unavyozidi kupotoka, kwa sababu kutoa namba mbili zinazokaribia kulingana kunafuta karibu tarakimu zote zilizokuwa na maana. Weka namba zile zile katika 1/(√x + 3), utapata 0.1666 bila tabu. Usemi uliorahisishwa ni sawa na wa mwanzo kwenye karatasi, ila ndani ya mashine ni salama zaidi.

Mahali pa tatu pa kujificha ni sehemu iliyo ndani ya sehemu. Safari ya kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita x kwa saa inachukua saa 120/x. Kwa kilomita 60 kwa saa ni saa 2. Dereva akiongeza mwendo kidogo, anaokoa muda gani? Kikomo tunachotafuta, x inapoikaribia 60, ni cha

(120/x − 2) / (x − 60)

Watu huogopa umbo hili kwa sababu lina ghorofa. Ghorofa inaondoka ukizidisha juu na chini kwa asili ya ile sehemu ndogo, yaani x:

(120 − 2x) / [x(x − 60)]

Juu ni 120 − 2x, chini kuna x − 60, na kwa haraka havifanani. Toa −2 nje: 120 − 2x = −2(x − 60). Alama ya kutoa hapa ndiyo inayopotea katika madaftari mengi, na ikipotea, jibu linadai kwamba kuongeza mwendo kunarefusha safari. Kagua ishara kwa kulinganisha na maana. Baada ya kukata inabaki −2/x, na kikomo ni −1/30 ya saa, yaani dakika 2 zinazookolewa kwa kila kilomita moja kwa saa iliyoongezwa. Kwa kilomita 61 kwa saa safari inachukua dakika 118.03, karibu kabisa na 118 tulizotabiri.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa dereva aliyekwisha fika kilomita 100 kwa saa. Kigawo sasa ni (x − 100), na kikomo ni −0.012 ya saa, kama sekunde 43 tu. Kilomita ile ile moja ya mwendo iliyompa mwenzake dakika 2 haimpi yeye hata dakika moja, wakati hatari ya barabarani inazidi kupanda. Jambo hili lilikuwa ndani ya ile sehemu ya ghorofa tangu mwanzo, lakini halikuweza kusomeka kabla ya kurahisisha.

Wakati mwingine kukata mara moja hakutoshi. Katika (x³ − 3x + 2)/(x² − 2x + 1), x inapoikaribia 1, unakata (x − 1) na bado unakuta 0/0, kwa sababu kigawo kimo mara mbili juu na mara mbili chini. Kata tena, inabaki x + 2, na kikomo ni 3. Kwa upande mwingine, ukiweka namba ukapata kama 5/0, usitafute kigawo cha kukata. Chini panaelekea sifuri peke yake, sehemu inakua bila ukomo, na hakuna namba itakayopatikana.

Na zipo 0/0 ambazo mbinu hizi tatu hazizigusi. Mfano unaojulikana zaidi ni sini ya x kugawanya kwa x, pembe ikipimwa kwa radiani na x ikiikaribia 0. Kwa x = 0.1 thamani ni 0.998334, na kikomo ni 1. Ila sini si usemi wa vipeo vilivyojumlishwa, kwa hiyo kanuni ya Descartes haina mahali pa kushika: hakuna x ya kutolewa nje ya mabano, hakuna mwenza wa kuisafisha. Kikomo hicho huthibitishwa kwa kuchora duara na kubana eneo la kipande chake kati ya pembetatu mbili, moja ndani na moja nje.