Simu Imeona Jani Moja Tu

Katika kikao cha kikundi cha vijana wakulima huko Bomet, Kenya, mwenyekiti wao aliinua jani la muhindi lenye umanjano. Programu ya simu ilikuwa imelipiga picha na kujibu kwamba shamba limekosa naitrojeni.

"Ndugu zangu, msikimbilie dukani kununua yuria," aliwaambia. "Mwiteni kwanza bwana shamba."

Alikuwa na sababu. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini: umanjano hutoka kwenye ncha na kufuata mshipa wa kati, mfano wa herufi V. Ule ugonjwa wa virusi ulioripotiwa Bomet mwaka 2011 huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, yenye mabakamabaka, kisha hukauka kuanzia kingoni. Yuria haiuponyi, mmea ulioambukizwa hung'olewa.

Picha ya jani lililochumwa haionyeshi lilikotoka kwenye mmea. Bwana shamba hutazama mmea mzima, huuliza mbolea iliwekwa lini, tena hukagua mimea ya jirani. Akibaki na shaka (hata yeye huwa nayo), hupeleka sampuli maabara.